Naombeni msaada: unamkataliaje Mjapani mwaliko bila kuonekana umemfungia mlango usoni?

#1 Mvuvi_NchiKavu
Wakuu habari za usiku. Niko Fukuoka, nasoma uzamili, huu mwezi wa saba tangu nifike. Kijapani changu ni cha kuombea maji na kuulizia stesheni.

Jumanne iliyopita senpai wangu wa maabara (kanitangulia mwaka mmoja) kanitumia ujumbe LINE: "Kinyoubi, minna de nomi ni ikimasen ka?" Yaani Ijumaa tutoke wote tukanywe. Mimi pombe situmii, na Ijumaa nina mambo yangu. Nikamjibu vilevile tulivyofundishwa darasani wiki ya pili: "Iie, ikimasen. Sumimasen."

Ujumbe ukaonyesha umesomwa, jibu hakuna. Kesho yake salamu ipo lakini ina baridi. Tangu siku hiyo wakienda kula mchana naachwa na kompyuta yangu. Nimekosea wapi? Samahani nimeomba kabisa.

#2 Kishoka_wa_Tabata
Mtu kakualika kistaarabu, wewe unamwambia "hapana, siendi". Mkuu, hata huku Tabata ungesemwa mwezi mzima 😂

#3 Bi_Kiungani
Mvuvi, pole. Niko Saitama mwaka wa 11, kazi yangu ni ukalimani, na kosa hilo nililifanya kabla yako.

Darasani mlikuwa mnajifunza kunyambua kitenzi, si kukataa mwaliko. "Ikimasen" inaeleza uamuzi wako: siendi. Mwenzako kauliza "ikimasen ka", nawe umechukua neno lake lilelile ukamrudishia bila ka. Kwake hilo si jibu la swali, ni sahani ya chakula imerudishwa jikoni haijaguswa.

Badilisha irabu moja tu uone: "ikemasen". Hiyo ni siwezi kwenda. Sasa si moyo wako unaokataa, ni hali. Lakini hata hiyo watu wengi hawafiki nayo mwisho. Watakachosema ni "Kinyoubi wa chotto..." halafu wananyamaza. Chotto ni "kidogo". Ijumaa kidogo... basi. Mwenzako anamalizia mwenyewe, "a, sou desu ka, zannen", yaani aa, kumbe, inasikitisha, na yameisha.

Na usiidharau hiyo "wa". Inaitenga Ijumaa na siku nyingine zote, kwa hiyo mwenye kosa ni Ijumaa. Ukiiacha, ukasema "kinyoubi, chotto", kule kutenga kunapungua na mtu hapati fununu kwamba Jumamosi labda ungekuja.

#4 Mzee_Probox
Mimi niko Mombasa naagiza magari. Kukataa bei ya Mjapani ni rahisi, unaandika kwamba ni ghali na unataja yako. Mbona mnazunguka hivyo?

#5 Kishoka_wa_Tabata
Mzee, anaongelea mwaliko wa kwenda kunywa, si mnada.

#6 Mzee_Probox
Sawa nimeona. Lakini ngoja niwape yangu, maana inahusiana. Mwaka juzi nilimwomba muuzaji wa kule anitolee gari kabla ya malipo ya mwisho kuingia. Akajibu kwa heshima zote kwamba "ni ngumu kidogo". Nikasema ah, huyu anapambana nayo. Nikangoja wiki mbili! Nikamuuliza ugumu umefikia wapi, naye akashangaa kwamba bado naulizia.

#7 Bi_Kiungani
Mzee Probox, hiyo ni "chotto muzukashii desu ne" imevaa Kiingereza. Ulikataliwa siku ya kwanza. Kwa barua za kazi, ngumu maana yake haiwezekani.

#8 Mzee_Probox
Na hakuna aliyeniambia!

#9 Chalii_wa_Nagoya
Jamani msimchanganye mgeni. Kanuni ni moja: usikatae kabisa. Sema "kangaete okimasu", nitalifikiria. Kila Mjapani anajua hiyo ni hapana. Mimi natumia miaka 3, kazi safi.

#10 Tunda_la_Osaka
> Kila Mjapani anajua hiyo ni hapana

Chalii, umeokota neno la huku kwetu Kansai ukalipeleka nchi nzima. Osaka ukimwambia mwenye duka "kangaete okimasu" anaanza kurudisha bidhaa kabatini. Tokyo kuna watakaokaa wangoje kweli ufikirie.

Pili, kwenye nomikai, hizo tafrija za kwenda kunywa, kuna mtu anaitwa kanji, mpangaji. Yeye anapiga simu mgahawani kuagiza viti na vyakula kwa idadi ya vichwa. Wewe na "nitalifikiria" yako unamwachia kiti kimoja kinaning'inia hadi Ijumaa. Mwishowe usipotokea analipia. Kughairi dakika za mwisho kuna jina lake kabisa, dotakyan, na si jina zuri.

#11 Chalii_wa_Nagoya
Labda ndiyo maana siku hizi hawaniulizi 🤔

#12 Kishoka_wa_Tabata
Kazi safi 😂😂😂

#13 Tunda_la_Osaka
Usimcheke, mimi nina kubwa zaidi. Mwezi wangu wa pili hapa nilikuwa nasikia vijana wote wanasema "daijoubu desu". Dukani wakiulizwa kama wanataka mfuko: daijoubu desu, na mfuko hawapewi. Nikajua hilo ndilo "hapana asante" la kisasa. Na kweli ndilo.

Sasa dada mmoja wa kazini akaniuliza: "Doyoubi, daijoubu?" Nikajibu kwa tabasamu "daijoubu desu", nikijua nimekataa Jumamosi. Jumamosi saa 5 asubuhi simu inaita, yuko Tennoji getini na wenzake wawili, wananingoja. Mimi nina povu la sabuni hadi kwenye viwiko, nafua.

Akikuuliza "Jumamosi ni sawa?" ukajibu "ni sawa", umekubali. Akikuuliza "unataka?" ukajibu "ni sawa", umekataa. Neno ni lile lile, linaloamua ni swali. Tangu siku hiyo kwenye miadi silitumii bila kuongeza kitu, "ikemasu" au "chotto...".

#14 Mvuvi_NchiKavu
Asanteni sana. Kumbe kosa langu dogo. Swali: baada ya "chotto" hawaulizi kwa nini? Mimi mtu akiniambia "Ijumaa kidogo..." nitamuuliza kidogo nini.

#15 Bi_Kiungani
Mara nyingi hawaulizi, na ukimuuliza Mjapani wewe ndiye utaonekana mchimbaji. Akitaka sababu, mpe fupi na isiyo na sura: "youji ga atte", nina shughuli. Kwa mkubwa wako: "senyaku ga arimashite", nina ahadi niliyotangulia kuitoa. Na ona zinavyoishia, -te, -te, sentensi inabaki wazi. Ukitaka kuunganisha sababu tumia "node", si "kara". Kara katika kukataa inasikika kama unajitetea mahakamani: kwa sababu mimi nina shughuli, ati!

#16 Ustadh_Mtoro
Assalaam alaykum. Hapa ndipo ninapokwama nao. Kama mtu hana shughuli ila hataki tu, "youji ga atte" si uongo huo?

#17 Kishoka_wa_Tabata
Kulala pia ni shughuli, Ustadh.

#18 Bi_Kiungani
Kishoka kasema kwa utani lakini ndivyo wanavyoichukulia. Neno youji halisemi shughuli gani. Uongo unaanza pale unapotunga harusi ya binamu, na hiyo ndiyo inayokuja kukuumbua, kwa sababu Jumatatu utaulizwa harusi ilikuwaje.

Kuna utafiti wa 1990 wa Beebe, Takahashi na Uliss-Weltz uliolinganisha Wajapani na Wamarekani wanavyokataa. Jambo moja lililojitokeza ni hilo: visingizio vya Wajapani havitaji mahali wala saa, vya Wamarekani vina maelezo kamili. Jingine, Wajapani walibadilisha namna ya kukataa kulingana na nani anayekataliwa, wa juu au wa chini.

#19 Ustadh_Mtoro
Sijaridhika sana lakini nimeelewa.

#20 Dada_Likoni
Mimi nadhani hii ni kitu yetu kabisa, tunajifanya tu hatuijui. Mwambie mtu wa Pwani "kesho uje kwangu" akujibu "Inshallah" ile ya kuvuta... Utapika wali wa watu wangapi? Mama yangu hapiki hata kijiko.

#21 Ustadh_Mtoro
Dada, Inshallah si neno la kukatalia. Watu ndio wameliharibu.

#22 Dada_Likoni
Sawa Ustadh, lakini wali haupikwi 😅

#23 Tunda_la_Osaka
Hiyo tunayo Osaka neno kwa neno! "Iketara iku wa": nikiweza kuja nitakuja. Hapa huo ni utani wa kila siku, aliyesema hivyo haji. Rafiki yangu wa Yokohama aliambiwa hivyo na watu wanne, akaweka viti vinne.

#24 Chalii_wa_Nagoya
Sasa nani aniambie KWA NINI wanafanya hivi. Mimi naona ni lugha yenyewe. Kitenzi kinakaa mwisho wa sentensi, na ukanushi uko kwenye kitenzi. Kwa hiyo mtu anaweza kuongea, kuongea, akasimama kabla ya kufika kwenye hapana. Kiswahili huwezi. Ukifungua mdomo tu, "si-", tayari umeshakataa, hata kitenzi hakijafika.

#25 Bi_Kiungani
Chalii hapo umenifurahisha, sikuwahi kuiwaza kwa "si-" yetu. Ila haitoshi. Wakorea na Waturuki kitenzi chao pia kiko mwisho. Mimi naona ni kumwachia aliyealika heshima yake: yeye ndiye anayetamka "basi, si neno", kwa hiyo anaonekana amekusamehe, hajakataliwa.

#26 Tunda_la_Osaka
Mnawatukuza. Mume wangu ni wa hapa. Nimemsomea post zenu mbili. Anasema hawazi heshima wala kitenzi, anasema "chotto" kwa sababu mama yake alisema "chotto".

#27 Dada_Likoni
Shemeji kamaliza.

#28 Bi_Kiungani
Hajamaliza, mama yake alilipata wapi 😄

#29 Mvuvi_NchiKavu
Wakuu nimekaa chini nikaandika ya kujirekebisha, maana kuna nomikai nyingine Ijumaa ijayo na mwaliko umetumwa kwenye kundi la maabara. Naombeni mkague kabla sijatuma:

"Osasoi itadaki makoto ni arigatou gozaimasu. Taihen moushiwake gozaimasen ga, kinyoubi wa senyaku ga gozaimasu node, enryo sasete itadakimasu."

#30 Bi_Kiungani
Sarufi nzuri. Usitume.

Huyo ni kijana aliyekuzidi mwaka mmoja, wewe umemwandikia kama wakala anayemkatalia waziri. Adabu nyingi hivyo ghafla ni umbali, na umbali ndio unaojaribu kuuondoa. Halafu "enryo sasete itadakimasu", naomba niruhusiwe kujizuia, ni kufuli. Kwa maneno ni unyenyekevu mtupu, lakini mtu akiisoma anajua hakuna kuulizwa tena. Hiyo namwandikia mtu ninayetaka asinialike tena.

Ifanye hivi:

"Sasotte kurete arigatou gozaimasu! Ikitai n desu kedo, kinyoubi wa chotto youji ga atte... Mata sasotte kudasai!"

Asante kwanza, kwa sababu ulipokosea mwanzo hukumshukuru kwa kukualika. Kisha "ningependa kwenda lakini", na hiyo n desu kedo ndiyo inayoulainisha mlango kabla haujafungwa. Kisha Ijumaa na nukta zake. Mwisho "nialike tena". Na itume leo, usiku huu. Mpangaji anahesabu vichwa.

#31 Tunda_la_Osaka
Nakubaliana na yote ila sentensi ya mwisho. "Mata sasotte kudasai" ni mkopo. Ukiiandika watakualika tena kweli. Mimi niliitia kila ujumbe kama chumvi, nikaalikwa mara ya pili, ya tatu, nikakataa zote kwa "mata sasotte kudasai". Ya nne haikuja. Kama huendi na hutaenda, iache.

#32 Chalii_wa_Nagoya
Ukiiacha si ndiyo baridi yenyewe?

#33 Tunda_la_Osaka
Ndiyo. Chagua baridi ya leo au ya mwaliko wa nne.

#34 Bi_Kiungani
Au taja wewe kitu. "Kondo, ranchi demo ikimasen ka", siku moja twende hata chakula cha mchana. Anayependekeza mbadala, hata dogo, hakuna anayemshuku. Na Mvuvi pombe hatumii, mchana hakuna pombe.

#35 Ustadh_Mtoro
Hapo kwenye pombe. Kwa nini kijana asiseme tu ukweli mara moja akapumzika? Kila Ijumaa "chotto, chotto", mwaka una Ijumaa ngapi?

#36 Bi_Kiungani
Ustadh kwa hilo niko upande wako. Chotto inafaa kwa siku, haifai kwa jambo la kudumu. La kudumu litaje mapema, na tumia ule ule ufunguo wa kwanza: "osake ga nomenai n desu", siwezi kunywa. Si "nomanai", sinywi. Wapo hata Wajapani wengi ambao mwili wao hauimudu pombe, uso unawaka kwa glasi moja, kwa hiyo nomenai ni neno wanalolijua na halimhukumu anayekunywa.

#37 Ustadh_Mtoro
Lakini naweza. Siwezi ni mwili, mimi ni imani.

#38 Bi_Kiungani
Kwa Kijapani nomenai inabeba zote mbili.

#39 Ustadh_Mtoro
Mimi ningesema dini waziwazi. Waheshimu kama ninavyowaheshimu.

#40 Tunda_la_Osaka
Mwenzangu mmoja wa Sudan hufanya hivyo na hajawahi kupata shida. Mwingine anasema nomenai tu, anakwenda saa ya kwanza, anakunywa uuroncha, ile chai baridi, anakula edamame za watu, wakihamia duka la pili anaaga. Wote wana marafiki. Sijui yupi yuko sahihi.

#41 Kishoka_wa_Tabata
Huyo wa edamame. Anakula na hanywi, hasara ya nani?

#42 Tunda_la_Osaka
Yake. Bili wanagawana sawa 😂 ingawa siku hizi wapo wanaowapunguzia wasiokunywa.

#43 Dada_Likoni
Bi Kiungani, na kama ni harusi? Bosi wa kaka yangu kule Chiba anaoza binti, wametumiwa kadi na kaka atakuwa Mombasa. Naye aandike chotto?

#44 Bi_Kiungani
Hapana dada, harusi inageuza kila kitu. Ndani ya bahasha kuna postikadi ya majibu, ina "go-shusseki" na "go-kesseki", nitahudhuria na sitahudhuria. Hiyo "go" ni heshima wanayompa yeye, kwa hiyo aikate kwa mistari miwili, na upande ambao hakuuchagua aukate wote, kisha azungushie duara kesseki. Pembeni aandike hongera kwanza, ndipo "yamu o enai jijou de", kwa sababu isiyoepukika. Asiandike "isogashii", yuko bize: herufi yake imeundwa kwa moyo na kupotea, kwenye harusi haiwekwi. Nukta na mkato pia wanaziepuka, sherehe haikatwi.

Na ona kinyume chake: nomikai nimemwambia Mvuvi ajibu usiku huu. Harusi, hata ukijua leo huendi, unakaa siku kadhaa ndipo unaposti. Ukirudisha kesho yake inaonekana hukujaribu hata kupanga. Ila isivuke tarehe iliyoandikwa.

#45 Dada_Likoni
Kaka alishaposti. Siku ileile. Kwa kujivunia uwahi wake 🤦🏾‍♀️

#46 Bi_Kiungani
Basi bosi apigiwe simu, na zawadi itangulie siku ya harusi.

#47 Mzee_Probox
Kumbe barua zangu zote nilizojibu haraka...

#48 Mvuvi_NchiKavu
Wakuu, mrejesho. Nilituma ya Bi Kiungani na kile cha ranchi mwishoni. Ndani ya dakika mbili senpai kajibu: "Ryoukai desu! Zannen! Ja, ranchi ikou!" Yaani sawa, inasikitisha, basi twende chakula cha mchana. Na leo maabara kaja mezani kwangu mwenyewe. Jumatatu saa 6 mchana.

Tatizo: kasema atanipeleka kula tonkotsu ramen, ndiyo fahari ya Hakata, na uso wake ulikuwa unang'aa. Ile supu ni mifupa ya nguruwe imechemka hadi imekuwa nyeupe. Nilitabasamu nikasema "a... tonkotsu wa chotto..." Akacheka, akasema "daijoubu, daijoubu!" Sasa sijui kaelewa siwezi, au kanitia moyo kwamba nitaipenda.

#49 Tunda_la_Osaka
Hahaha, daijoubu imekufuata hadi Kyushu. Kakutia moyo huyo.

#50 Chalii_wa_Nagoya
Kaelewa. Ulisema wa chotto.

#51 Bi_Kiungani
Chotto kwa chakula wanaweza kudhani hukipendi au unaogopa harufu. Mwandikie leo: "butaniku ga taberarenai n desu, shuukyou no riyuu de", siwezi kula nguruwe, kwa sababu za dini. Na mpe njia: udon, zile tambi nene za ngano. Fukuoka wana udon ya goboten, wanaringa nayo vilevile.

#52 Ustadh_Mtoro
Mvuvi uliza pia kwenye mchuzi wa udon kuna mirin, ile pombe tamu ya mchele ya kupikia, au hakuna.

#53 Mvuvi_NchiKavu
Naandika sasa. Mirin naiulizaje bila kuonekana namkagua?